Naomba ushauri: mchezo wetu wa pesa, wa mwisho tunaumia au naona vibaya?

Habari zenu wakuu, tuko 10, kila mtu anatoa 100 kwa mwezi, anayefikiwa anabeba 1,000. Mimi kura imenitupa namba 10. Nikalalamika nikaambiwa acha roho mbaya, wote tunatoa 1,000 na wote tunapokea 1,000, tatizo liko wapi?

Nikakaa na kalamu. Namba 1 siku anabeba 1,000 ametoa 100 tu, kwa hiyo 900 ni mkopo wetu, anarudisha kidogokidogo miezi 9 bila riba. Mimi hadi mwezi wa 9 nimeshawakopesha 900. Halafu namba 1 akiacha kutoa baada ya mwezi wa 3, namba 2 na 3 washakula zao kamili, sisi 7 wa nyuma ndo tunabeba 900 badala ya 1,000. Yani hasara yote ni yetu!

Nimewaza mambo mawili. Awamu ya pili tugeuze, namba 1 awe 10, ila atakubali kweli huyo au atajitoa akishakula? Ama kila nafasi iwe na tofauti ya 10, wa kwanza achangie 45 za ziada, wa pili 35, hadi wa tano 5, na sisi wa nyuma tuongezewe hivohivo, wa sita 5 mpaka mimi 45.

Mliowahi kucheza, ipi inafanya kazi bila kugombana? Na mdhamini mnamwekaje?