Naomba ushauri: nitajuaje mwanafunzi ana kipawa kweli, darasa lina watoto 87 na kipimo sina

Chaki_Nyeupe:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne na sasa hivi najiendeleza, nasoma elimu maalumu kwa masafa. Tumepewa kazi ya kozi, kila mtu amtambue mwanafunzi mwenye kipawa darasani kwake, aeleze amemtambuaje na amempa nini cha ziada. Sasa mimi nina watoto 87, kitabu kimoja wanashea watano, kipimo cha akili sina na mwanasaikolojia hajawahi kukanyaga pale shuleni. Kuna mtoto nimwite J, huyu kichwa chake sio cha kawaida kabisa. Naomba vigezo vya kutumia ili ripoti isionekane nimebahatisha, na pia nikipendekeza arushwe madarasa mawili kuna shida? Wenye uzoefu tafadhali, matusi hapana.

Fundi_Redio:
Mbona rahisi. Chukua matokeo ya mtihani, namba moja mpaka tano ndo wenye vipawa, waliobaki ni wanafunzi. Asaimenti imeisha hiyo.

Mama_Mapacha:
Msirushe watoto madarasa jamani, mimi nilirushwa la tatu nikaenda la nne moja kwa moja, nikakuta wenzangu wameshafundishwa kugawanya kwa njia ndefu na hakuna aliyerudi nyuma kunifundisha, mpaka leo kugawanya kunanitoa jasho na nina mapacha wa kuwagawia kila kitu. Halafu nilikuwa mdogo kuliko wote wakaniita kifaranga, jina likanifuata mpaka namaliza shule. Mwache mtoto akue.

Bibi_Rula:
Mwalimu, umeuliza vigezo lakini naona mtoto umeshamchagua. Sio mbaya. Ila umeona nini hasa? Na anashika namba ngapi darasani?

Chaki_Nyeupe:
Asante mama. Nikiwa naandika hesabu ubaoni yeye anataja jibu kabla sijageuka. Anauliza maswali ambayo hata mimi nabaki kutafuta pa kushika, mfano siku moja aliuliza kama sifuri ni shufwa au witiri. Akimaliza anaanza kusumbua wenzake, ndo maana nimemuweka nyuma kabisa. Mwalimu aliyemfundisha mwaka jana alimwona mtukutu tu.

Bibi_Rula:
Namba ngapi, mwalimu.

Fundi_Redio:
Kakwepa hahaha

Chaki_Nyeupe:
Sawa. Wa 64. Lakini msinielewe vibaya, tatizo ni kuandika na kusoma. Akinakili ubaoni anaacha nusu ya sentensi, kwenye mtihani swali la maneno anaruka. Ukimuuliza kwa mdomo anakuangusha. Halafu mwalimu mkuu nimeshamgusia habari ya kumrusha, na baba yake nimeshamwambia na amefurahi sana, sasa nikirudi nyuma nitaonekana mtu wa ajabu. Ndo nikaona nipate vigezo kwanza.

Fundi_Redio:
Wa 64 arushwe madarasa mawili. Na wa 87 tumpeleke chuo kikuu.

Msema_Kweli:
Tatizo la siku hizi kila mtoto ni jiniasi. Zamani mtoto akisumbua anaitwa msumbufu, anarekebishwa, anakuwa mtu wa maana. Leo akisumbua tunasema anaboreka ana kipawa. Mwalimu kwanza mfundishe nidhamu na kusoma, kipawa kitajitokeza chenyewe.

Dokta_Bila_Koti:
Nyie wote mnazunguka. Kuna kipimo kinaitwa Raven, kina maumbo tu, mtoto anachagua kipande kinachokosekana, hakuna kusoma wala kuandika. Kinamfaa J moja kwa moja. Kitafute mtandaoni uprinti, akipata alama za juu ana kipawa, akikosa hana, ripoti imekwisha.

Bibi_Rula:
Dokta kwenye hilo la kusoma uko sahihi, kipimo cha maumbo hakimwonei mtoto asiyesoma vizuri. Lakini alama ya Raven peke yake haina maana mpaka ulinganishe na watoto wa umri wake waliopimwa katika mazingira yanayofanana na yake, na jedwali hilo mwalimu wetu hana. Kwanza hata mtoto ambaye hajawahi kuona karatasi ya namna hiyo atapoteza muda anashangaa maumbo. Na hilo la akikosa hana, hapo ndipo watu wazima wenye vyeti walipoangukia. Mwaka 1921 Terman kule Marekani alianza kukusanya watoto wenye akili nyingi kwa kipimo ili awafuatilie maishani. Wawili walipimwa wakaachwa kwa sababu alama hazikutosha, William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili wakaja kupata Nobeli ya fizikia, mmoja 1956 na mwingine 1968.

Sasa mwalimu, usimpime J peke yake. Pima wote 87 kwa kipindi kimoja, kwa chaki tu. Chora miraba imepangwa mstari kwa vijiti, mraba mmoja vijiti vinne, miwili iliyoshikana saba, mitatu kumi. Uliza kumi itataka vijiti vingapi. Usisaidie mtu. Kila mmoja aandike namba tu, au akunong'oneze. Halafu wafundishe kwa dakika chache, waoneshe watazame kinachoongezeka kila mara, basi. Baada ya hapo badilisha umbo, pembetatu zilizoshikana mstari, ya kwanza vijiti vitatu, mbili vitano, na hapo usiwaambie kitu. Unachotafuta sio aliyepata mwanzoni, maana huyo inawezekana alishafundishwa nyumbani. Mtafute aliyekosa mwanzoni, ukamgusa kidogo tu, akaruka mbali kuliko ulichomfundisha. Kwa watoto waliosoma kwa shida kuruka huko kunakuambia mengi kuliko mtihani.

Mama_Mapacha:
Mama Bibi_Rula na mimi nimejaribu hapa, pembetatu kumi nimepata 21, niko sawa?

Bibi_Rula:
Uko sawa kifaranga.

Chaki_Nyeupe:
Nimerudi. Nimefanya jana kipindi cha mwisho. Mama nimeshangaa. J baada ya kufundishwa aliruka kweli, pembetatu kumi akasema 21 hapohapo, nikamuuliza mia moja akasema 201. Nikamrudisha kwenye miraba, nikamwambia nina vijiti 46 nitapata miraba mingapi, akafumba macho akasema 15. Nikamuuliza umejuaje, akasema "kijiti cha kwanza kinasubiri ukutani, halafu kila boksi linakuja na vitatu vyake". Kwa hiyo nadhani hoja ya kumrusha imepata nguvu.

Kibendera:
Hapana hapa nimekataa. Mtoto wa darasa la nne, wa 64, hajui kusoma, anafumba macho anatoa jibu na sentensi ya kishairi juu? Hii chai. Mwalimu wa kozi kakupa swali, wewe umetunga mtoto, sasa unatuandikisha ripoti bure. Hata jina J tu. Mods angalieni.

Fundi_Redio:
Nilijua tangu mwanzo sema nilikuwa nanyamaza.

Msema_Kweli:
Hukunyamaza, ulisema tuchukue namba moja mpaka tano.

Chaki_Nyeupe:
Kibendera jina la mtoto sitaliweka hapa hata ukiita mods kumi. Ya kozi nilishasema kwenye mstari wa mwanzo kabisa, soma. Mtoto yupo.

Bibi_Rula:
Kuna njia nyepesi ya kujua. Mwalimu, mwanzoni kabla hujafundisha J alijibu nini? Na nani wengine walipata? Maana ukipima watoto 87 haiji mmoja tu, na anayetunga huwa anamkumbuka shujaa wake peke yake.

Chaki_Nyeupe:
Mwanzoni alisema 40, alizidisha nne mara kumi. Wengi walisema hivyohivyo. Waliopata 31 mwanzoni walikuwa sita, wawili kati yao nimegundua kaka zao wako la saba. Namba moja wa darasa alipata ila kwa kujumlisha tatu tatu kwa vidole, nilipomwambia mia moja aliendelea na vidole mpaka kengele ikalia, masikini. Walioruka baada ya kufundishwa ni J na wasichana wawili. Mmoja wao sijawahi kusikia sauti yake tangu mwaka umeanza, ni wa 30 na kitu, alinong'ona 201 kisha akaficha uso. Huyo sikumtegemea kabisa.

Kibendera:
Hiyo ya vidole mpaka kengele sio ya kutunga. Narudisha maneno nusu.

Bibi_Rula:
Basi una watatu, na ripoti yako sasa ina kitu. Huyo msichana ndiye sababu ya kupima wote, maana sisi walimu tukiulizwa kwa macho tu tunawataja wasafi, watiifu na wale wanaotusumbua, wa kimya hatuwaoni.

Kuhusu kumrusha J. Tafiti za kurusha watoto kwa ujumla si mbaya kama watu wanavyodhani, pole Mama_Mapacha, lakini zinahusu zaidi mtoto ambaye masomo yenyewe ameshayapita. J kusoma hajapita. La sita maswali mengi ni ya maneno, atakuwa wa mwisho na utakuwa umemthibitisha kuwa mjinga. Mpeleke hesabu tu, kipindi cha hesabu cha la sita aingie, kingine arudi kwenu. Baba mwambie ameanza na hesabu, sio kwamba umerudi nyuma.

Na darasani kwako, zoezi likiwa na maswali ishirini, weka alama matano magumu ya mwisho. Yeyote akitaka aanze na hayo, akipata manne kati ya matano ameachiwa yale mengine. Ruhusa iwe ya wote. Aliyeachiwa apewe kadi ya swali jipya, kata maboksi ya karatasi uandike, mfano vijiti hivihivi kwa pembesita. Usimpe hesabu nyingine ishirini za aina ileile, hiyo ni adhabu ya kuwahi. Wala usimfanye mwalimu msaidizi kila siku.

Chaki_Nyeupe:
Hapo kwenye mwalimu msaidizi umenigusa maana ndo nilichokuwa namfanyia, ila na watoto 87 mama ukipata msaada unaukataaje? Na wenzake wanamwelewa kuliko mimi. Hilo sitaacha lote.

Bibi_Rula:
Mara moja moja sawa. Lakini kuna swali hujalijibu. J anakaa nyuma kabisa, na anaacha nusu ya sentensi akinakili ubaoni. Umemsomesha kwa karibu, kitabu mkononi?

Chaki_Nyeupe:
Kwa karibu anasoma vizuri kidogo kuliko ubaoni ila bado anakwama, hasa maneno marefu. Kwa hiyo ni macho au ni kusoma?

Bibi_Rula:
Inawezekana ni vyote viwili. Kesho mkalishe mbele, anakili sentensi zilezile, ulinganishe na daftari la nyuma. Makosa yakipungua sana apelekwe kupimwa macho. Yakibaki yaleyale, msomee maneno marefu kwa silabi uone anakwama wapi, uandike, ulete hapa. Ripoti iandike na hilo hata kama hujapata jibu.

Dokta_Bila_Koti:
Mimi bado nasema Raven.

Mama_Mapacha:
Samahani kuingilia, mapacha wangu wana miaka mitatu, mmoja anahesabu mpaka mia bila kukosea, hicho ni kipawa au tusubiri?

Bibi_Rula:
Kuhesabu kwa mfululizo kunaweza kuwa kukariri kama wimbo. Mwekee vifuniko saba mezani, mwambie akupe vitano. Halafu vitawanye mbalimbali umuulize kama vimeongezeka.

Mama_Mapacha:
Kanipa vyote saba. Mwenzake asiyejua kuhesabu kanipa vitano.