Namba za marejeo zimenivuruga, naomba ushauri

Habarini wadau, niko Kisumu naandika insha ya malaria kwa wajawazito, mtindo ni Vankuva, ule wa kuvipa vyanzo namba kwa mpangilio vinavyotajwa kwanza. Chanzo cha vyandarua kilikuwa 1, na kila nikikirudia naandika 1 tu, hapo sina shida. Sasa jana usiku nikaongeza aya juu kabisa yenye chanzo kilichokuwa 7, kwa hivyo hicho kimekuwa 1, na zile za 1 hadi 6 zote zinasonga moja, 8 kwenda mbele haziguswi. Nikabadilisha kwa kompyuta, 1 iwe 2 halafu 2 iwe 3, wacha zote ziwe 3, saa mbili zimeenda hivyo!

Nimefikiria kuandika [vyandarua], [damu] kwanza, namba niweke mwisho, kuna ubaya? Na chanzo kilicho ndani ya jedwali pekee, kinahesabiwa pale jedwali linapotajwa kwanza ama pale limekaa?