Naombeni msaada: orodha mbili ekseli, nataka walioahidi ila hawajalipa

mhazini_2
Wakuu habari za usiku. Mimi ni mhazini wa kamati ya harusi ya mdogo wetu hapa Dar, nina orodha mbili kwenye ekseli, ya kwanza walioahidi mchango wako 187, ya pili waliolipa wako 121. Nataka inirudishie majina yaliyoko ya kwanza ambayo hayapo ya pili. Nimeweka fomula imenipa 131 na akili yangu inakataa. Kikao ni Jumapili, msinicheke jamani nimekwama toka juzi.

binti_wa_pwani
Kaka mbona rahisi. Blok majina ya orodha zote mbili, nenda Conditional Formatting, chagua Duplicate Values, wenye rangi ndo wamelipa, wasio na rangi ndo wadaiwa wako. Mie kazini natumia hiyo hiyo kila mwezi.

fundi_jedwali
@binti_wa_pwani inasaidia, ila jina likijirudia ndani ya orodha ya ahadi yenyewe nalo linapakwa rangi. Kama ana Amina Juma wawili walioahidi na hakuna hata mmoja aliyelipa, wote watapakwa na ataamini wamelipa.
@mhazini_2 bandika fomula kama ulivyoiandika, halafu shuka mpaka mstari wa 123 uniambie kuanzia hapo kwenda chini wametokaje.

mzee_wa_daftari
Sisi msiba wa marehemu kaka yangu tulikuwa na daftari na peni nyekundu tu. Mtu akileta chake unapiga tiki mbele ya jina lake naye anaona kwa macho yake, asiye na tiki anajulikana, hata shilingi haikupotea. Tatizo vijana kila kitu mnataka mashine iwafanyie.

mhazini_2
Mkuu fundi ndo hii:
```
=IF(COUNTIF(D2:D122,A2)=0,"HAYUPO","")
```
Nimeangalia mstari wa 123 mpaka 188 wote HAYUPO, hakuna aliyepona hata mmoja. Umejuaje?

fundi_jedwali
Kwa sababu fomula ukiiburuta kwenda chini na orodha unayotafutia inashuka nayo. Mstari wa 2 inatafuta D2 mpaka D122, mstari wa 3 inatafuta D3 mpaka D123, maana yake aliyelipa wa kwanza tayari kaachwa nje. Ukifika mstari wa 123 inatafuta kwenye seli tupu, kwa hiyo hao 66 wa chini wangetoka HAYUPO hata kama wote wamelipa mara mbili. Weka alama ya dola, orodha ibaki palepale:
```
=IF(COUNTIF($D$2:$D$122,A2)=0,"HAYUPO","")
```

mhazini_2
Mungu akubariki mkuu, imeshuka 94. Basi hao 94 ndo wadaiwa eeh?

fundi_jedwali
Bado. Kama 94 hawakuonekana basi walioonekana ni 93. Waliolipa una 121. Wale 28 wengine wamelipa wakitokea wapi? Igeuze, tafuta waliopo orodha ya pili ambao hawapo ya kwanza, utawaona hao 28 kwa majina. Orodha ya waliolipa umeipata wapi na majina yameandikwaje?

dada_mkweli
Mimi nina swali lingine, mchango ni hiari toka lini ukawa deni? Mtu kaahidi mwezi wa tatu, leo mtoto anaumwa, mnamtafuta kwa fomula. Tumegeuza harusi kuwa mradi wa kukaba watu.

mhazini_2
Dada ukumbi umeshalipiwa advansi kwa kutegemea hizo ahadi, sikabi mtu.
Mkuu fundi, ahadi tulikusanya kwenye grupu la watsapu na mtu anajiandika anavyojiita. Waliolipa nimenakili kwenye meseji za simu, zinakuja na jina la usajili wa laini. Mfano huku kaandika "Mama Neema", kule yupo kwa majina yake matatu herufi kubwa tupu.

fundi_jedwali
Hapo ndipo penyewe. Herufi kubwa na ndogo ekseli haijali, inachojali ni nafasi ya ziada mwisho wa jina, na Mama Neema haiwezi kujua ni nani hata ukeshe. Ukiona majina mawili yanafanana kwa macho ila hayakutani, yahesabu herufi kwa `=LEN(A2)`, ukipata moja 13 na lingine 14 kuna nafasi imejificha, TRIM inaiondoa.
Ila kwa hali yako achana na majina. Ahadi zina namba za simu?

mhazini_2
Zipo zote, safu B na E. Ila nyingine zimeanza na 0, nyingine +255 zina nafasi katikati.

fundi_jedwali
Safi. Chukua tarakimu 9 za mwisho kila upande, hizo hazibadiliki. Hii weka C2, na upande wa pili F2 ukitumia E2:
```
=RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)
```
Kisha ile COUNTIF ya mwanzo itafute C2 ndani ya $F$2:$F$122. Usisahau dola.

jicho_kali
Wakuu mnaingizwa mkenge. Harusi gani mhazini anatafuta wadaiwa kwa namba za simu? Hizi ni kazi za wale wa mikopo ya mtandaoni wanaoanika watu kwenye magrupu. Na mbona hajasema anataka kuifanyia nini hiyo orodha? Uzi wa kutunga huu.

binti_wa_pwani
Hata mie nimeshtuka kidogo. Kaka orodha inaenda wapi?

mhazini_2
Sio uzi wa kutunga na sina mkopo ninaokusanya. Ukweli ni kwamba ile ya 131 nilishaituma grupu la familia jana usiku, kichwa chake "BADO HAWAJATIMIZA AHADI". Mwenyekiti alikuwa ananisukuma kila saa. Mjomba alilipa laki tatu mwezi uliopita na jina lake limo, leo asubuhi katoka kwenye grupu bila neno. Ila nilitegemea aliyelipa atasema mwenyewe, na kila kamati inatuma orodha sio sisi tu.

dada_mkweli
Kumbe! Mtu mzima atoke laki tatu halafu aje kujitetea mbele ya watoto? Ifute hiyo orodha kabla hujagusa fomula nyingine.

jicho_kali
Mjomba nae kaja baada ya mimi kuuliza. Haya.

mhazini_2
Nilipofuta nikakosea nikabonyeza kufuta kwangu tu, sasa kwa wote siwezi tena, mwenyekiti ndo admini nimemwomba aifute kwa wote. Na mimi naona ikitoka ile sahihi nitaituma ili kusafisha waliosingiziwa.

fundi_jedwali
Ukituma ya pili wakati haijahakikiwa utasingizia wengine. Namba za simu zimetoa ngapi?

mhazini_2
75. Nimegeuza, waliolipa wasio na ahadi wamebaki 9. Sita nimewajua, watano walitumia simu za waume zao, na mmoja kalipia kwa wakala. Nikiwaondoa inabaki 69. Mjomba ameonekana, yeye namba ilikuwa sawa ila alijiandika kwa jina la utani.

mzee_wa_daftari
Na hao watatu?

mhazini_2
Siwajui mzee. Wametuma elfu hamsini kila mmoja na kwenye ahadi hawamo. Kesho nawapigia. Leo naenda kwa mjomba Temeke, meseji yake ya malipo ninayo kwenye simu.

fundi_jedwali
Waliolipa mkononi uliwaingiza?

mhazini_2
...Hapana mkuu. Hao anao mwenyekiti kwenye kikaratasi.