UZI WA MALALAMIKO: Wanatangaza makato 2,000 kutuma Kenya, kumbe wanatukata kwenye bei ya shilingi. Na "muamala umekamilika" yao ni uongo

Nahodha_Sahare:

Wakuu, nina hasira na naomba mnisome mpaka mwisho, maana huku Tanga tunaotuma hela Mombasa ni wengi.

Mimi nina boti hapa Sahare. Pampu ya mafuta ya mashine imekufa, mpya nimeipata kwa muuza spea Mombasa kwa 25,000 ya Kenya. Tumekubaliana hela ikisoma kwake, anaipandisha mzigo kwenye basi, inavuka Horohoro, jioni ninayo. Ijumaa mchana nikafungua aplikesheni ya kampuni moja, siitaji jina. Ukurasa wa mbele umeandikwa makato ni 2,000 tu, na chini yake kuna kikokotoo. Nikaandika laki tano, kikaniambia mpokeaji atapata "takriban 25,000". Nikaweka namba ya siri. Zikakatwa 502,000, ujumbe ukaja hapo hapo: muamala umekamilika.

Risiti nayo ikaja. Mpokeaji atapata 24,038! Shilingi moja ya Kenya wameniuzia kwa 20.80, wakati kikokotoo chao wenyewe kilipiga kwa 20.00, bei ile ile iliyokuwa kwenye jedwali la Benki Kuu siku hiyo. Yaani 962 za Kenya zimeyeyuka, karibu elfu kumi na tisa zetu, na hazijaandikwa popote kwamba ni makato.

Halafu hata hizo hazikufika. Muuzaji anasema simu yake kimya. Napiga huduma kwa wateja, dada ananisomea: "Kwetu inaonyesha imekamilika, subiri saa 24 hadi 72." Imekamilika wapi, ikiwa mwenye kupokea hajaiona? Ijumaa ikapita, Jumamosi na Jumapili vijana wangu wamekaa ufukweni boti imeegeshwa, na wana watoto wa kulisha. Hela imesoma Jumatatu mchana, pungufu, na muuzaji kagoma kutoa pampu mpaka nimalizie. Simlaumu, bei ni bei.

Nataka kujua, huu ni utaratibu au ni wizi?

Mama_Makorora:

Pole baba. Mimi mwanangu yuko Maskati, akinitumia inasoma hata chai haijapoa. Sijawahi kukatwa hata senti. Labda mtandao wako ulikuwa chini?

Nahodha_Sahare:

Mama yangu, wewe unapokea, mimi natuma. Makato na bei anaviona mwanao kule anakotumia, wewe unaona kilichobaki. Muulize siku moja ametoa riali ngapi.

Kijana_wa_Ngamiani:

Kaka, huyo muuzaji kakuzunguka. Ujumbe ukisema umekamilika hela imeingia, kaficha ili akuongezee bei. Wauza spea nawajua mimi. Na kingine, siku nyingine tafuta aplikesheni yenye makato madogo zaidi, zipo za bure kabisa.

Mzee_wa_Miamala:

Kijana, kumtilia shaka muuzaji ni halali, ila hapo kwingine unampoteza mwenzio. Nimefanya kazi ya kusuluhisha miamala ya nje kwa miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Chumbageni, acha niseme ninachokijua.

Nahodha, anza na bei. Kampuni ya kutuma hela inakula sehemu mbili: kwenye makato, na kwenye tofauti ya bei wanayonunulia fedha ya kigeni na bei wanayokuuzia wewe. Makato wanayaweka madogo kwa sababu ndiyo unayoyaangalia. Hivyo usilinganishe makato na makato. Shikilia kile mpokeaji anachotakiwa kukishika mkononi, halafu uliza kila kampuni: ili afikiwe na 25,000 kamili, mfukoni mwangu zitoke ngapi kwa jumla? Hao wako, kwa 20.80, ni 520,000 ukiongeza 2,000, jumla 522,000. Tuseme ipo nyingine inakata makato 8,000 lakini inauza kwa 20.25. Hiyo ni 506,250 na 8,000, jumla 514,250. Mwenye makato mara nne ndiye nafuu, kwa 7,750. Na ile ya "bure kabisa" ipigie hesabu hivyo hivyo kabla hujaifurahia.

Aplikesheni nyingi zina sehemu mbili za kujaza, kiasi unachotuma na kiasi anachopokea. Kwa malipo ya bidhaa jaza ya pili. Na bei ya kuiamini ni ile ya ukurasa wa mwisho, unaoulizwa uthibitishe. Ukiona ukurasa huo hauonyeshi bei, au unakuja baada ya namba ya siri, toka.

Sasa "umekamilika". Hela yenyewe haivuki mpaka siku ile. Kampuni ya huku ina mshirika Kenya, na imeweka kwake akiba mapema. Wewe ukituma, huku wanakata salio lako, kule mshirika analipa kutoka kwenye ile akiba. Ujumbe ulioupata unathibitisha nusu ya kwanza tu. Akiba ikikauka Ijumaa, na benki za kuijazia zimefunga, miamala inapanga foleni mpaka Jumatatu. Sababu nyingine ni jina. Kila jina linapitishwa kwenye orodha za watu waliowekewa vikwazo, na majina yetu ya pwani, akina Mohamed Ali, yanafanana na ya watu wengi. Mfumo unazuia mpaka mtu wa ofisini akague, na mwisho wa wiki huenda hayupo. Kwako ilikuwa ipi, siwezi kuapa. Wanajua wao.

Kijana_wa_Ngamiani:

Sawa mzee, nimekuelewa kwenye bei. Lakini atajuaje kama muuzaji hadanganyi?

Mzee_wa_Miamala:

Muamala una namba mbili. Moja ya huku, iko kwenye risiti yako. Ya pili inazaliwa Kenya hela inapoingia kwenye laini ya mpokeaji. Ukipiga huduma kwa wateja usiulize "imefika?", omba namba ya upande wa Kenya. Wakishindwa kuitoa, huenda bado haijalipwa. Wakikupa, mtumie muuzaji aitafute kwenye taarifa ya miamala ya M-Pesa yake. Ikiwemo, na saa yake ni ya kabla ya ile aliyokuambia, kadanganya. Naye asiachie mzigo kwa kuona ujumbe peke yake, aangalie salio, maana matapeli wanatunga ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli.

Bi_Raskazone:

Mimi mbona natumia vijana wa kubadilisha hela pale Horohoro, mtu anavuka nayo mkononi? Bei yao nzuri.

Mzee_wa_Miamala:

Bi mkubwa, na asipofika, risiti utampelekea nani?

Nahodha_Sahare:

Shukrani mzee. Nimewapigia tena kuomba hiyo namba ya Kenya. Wamenipa, na kweli muuzaji kaikuta, saa ya Jumatatu mchana kama alivyosema, kwa hiyo Kijana mwondolee lawama. Sababu ya kuchelewa wamekataa kuitaja. Kuhusu 962, jibu lao ni kwamba "viwango hubadilika". Nimewaambia havikubadilika, vilikuwa viwili kwenye aplikesheni moja kwa dakika moja.

Mzee_wa_Miamala:

Ulipiga picha kile kikokotoo?

Nahodha_Sahare:

Ninayo, na risiti ninayo. Nimeomba namba ya lalamiko na jibu kwa maandishi. Wakikaa kimya napeleka Benki Kuu, maana wao ndio wanaowapa leseni. Mwenye kukutwa na hili na kampuni yoyote akarudishiwa tofauti ya bei, aje aniambie alifanyaje.

Kijana_wa_Ngamiani:

Mimi nijuavyo makato ya kimakosa hurudishwa. Tofauti ya bei sijasikia.

Mzee_wa_Miamala:

Wala mimi. Peleka.