Barua ya mwisho kabla ya mahakamani: niandike mwenyewe au nimpe wakili?

seremala_ngamiani
Wakuu, habarini. Nina karakana hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka jana niliitengenezea nyumba moja ya wageni vitanda na makabati, jumla milioni 9.6. Walitanguliza milioni 3, na milioni 6.6 ilitakiwa iingie ndani ya siku 30 baada ya kukabidhi. Mzigo walipokea, delivari imesainiwa na kupigwa muhuri. Tangu hapo ni "wiki ijayo" tu, na sasa simu hapokei. Nataka kupeleka barua ya mwisho. Niandike mwenyewe, nimpe wakili anayetaka laki mbili, au WhatsApp inatosha, maana ndiko tulikokuwa tunaongelea?

kijana_pongwe
Wakili, mkuu. Nembo ya ofisi ya wakili ikionekana, mtu anashtuka. Weka na riba ya asilimia 10 kila mwezi, mwambie asipolipa analala polisi. Juu kabisa andika "bila kuathiri haki", barua zote za kisheria zinaandikwa hivyo.

karani_mstaafu
Kijana, hilo la nembo ni kweli kwa wadaiwa wengi. Mengine yatamponza.

Barua yenye "bila kuathiri haki" ni ya kutafuta suluhu. Ukiipeleka mbele ya hakimu, upande wa pili utaipinga isipokelewe. Barua ya mwisho unaiandika ili hakimu aione, kwa hiyo iache wazi. Ukitaka kumpa nafasi ya kulipa kwa awamu, andika barua nyingine pembeni, hiyo ndiyo ibebe maneno hayo.

Riba msiyokubaliana usiitunge. Ukidai milioni 9 wakati karatasi zako zinasema 6.6, umempa cha kubishania. Riba utaiomba mahakamani. Na deni la biashara ni madai, si jinai; polisi waache.

Ndugu seremala, kabla ya kuchagua nani aandike, jibu hili: ankara yako imeandikwa kwa jina la nani?

seremala_ngamiani
Jina lililo kwenye bango lao, mzee. Sijui zaidi.

karani_mstaafu
Hapo ndipo kesi nyingi huanguka. Bango halishtakiwi. Tafuta BRELA: kama ni kampuni, barua iende kwa kampuni, kwa jina kamili pamoja na "Limited" yake. Kama ni jina la biashara tu, mdaiwa ni mwenyewe aliyelisajili. Meneja aliyekuwa anakujibu WhatsApp huenda ni mwajiriwa tu.

mama_makorora
Mimi nilipika chakula cha semina ya halmashauri, mwaka wa pili sijalipwa. Niwape siku 14 na mimi?

karani_mstaafu
Bi mkubwa, yako ni njia nyingine. Serikali, na halmashauri imo humo, hupewa notisi ya siku 90, na nakala inakwenda kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Hapo laki mbili za wakili ni halali yake.

Kwa seremala, mwenyewe unaweza. Iwe fupi hivi:

"YAH: NOTISI YA MWISHO YA KULIPA SH. 6,600,000. Tarehe (…) tulikukabidhi vitanda na makabati kwa ankara namba (…) ya Sh. 9,600,000. Ulilipa Sh. 3,000,000. Baki ilipaswa kulipwa ifikapo (…), na haijalipwa. Tunakutaka ulipe Sh. 6,600,000 kwa akaunti (…) ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Usipolipa, tutafungua shauri la madai bila kukujulisha tena, na tutaomba deni, riba na gharama za kesi. Nakala za ankara na delivari zimeambatishwa."

Peleka kwa mkono, nakala yako isainiwe. Akikataa kusaini, tuma kwa rejista ya Posta utunze risiti, kisha piga picha ya barua umtumie WhatsApp. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, na zile "wiki ijayo" zake usizifute: ni mtu anayekiri deni.

kijana_pongwe
Siku 14 nyingi mno. Saba.

karani_mstaafu
Saba nazo zinafaa. Kubwa ni kwamba siku zikiisha, kesho yake uwe unafungua. Ukiandika "ya mwisho" mara tatu, hakuna atakayekuogopa.

seremala_ngamiani
Nimeangalia, kumbe ni kampuni. Ila leo meneja kaibuka: anasema makabati mawili milango imepinda, ndiyo maana hawalipi. Hajawahi kulisema. Nilitaje kwenye barua?

mama_makorora
Usilitaje, utamfundisha la kusema.

karani_mstaafu
Mimi ningelitaja, kwa sentensi moja: mzigo ulikaguliwa na kusainiwa bila dosari, na malalamiko yamekuja baada ya kudaiwa. Lakini kwanza nenda kaione hiyo milango. Kama kweli imepinda, itengeneze au toa thamani yake kwenye hesabu kabla hujasaini barua.

mama_makorora
Akishakaribishwa ndani, watamwambia amalize na vitasa. Mimi bado nasema asiende.