Tupeane uzoefu: kuandika maelezo ya picha za zamani zisizo na majina

Mtunza Albamu: Nimetoka kugombana na binamu yangu. Picha ina ukingo mweupe uliochapwa MAR 62, naye kaandika chini yake "Machi 1962". Shangazi anashikilia kwamba ilipigwa wakati dada yake anaagwa, mwishoni mwa 1961. Nyie mliamuaje mambo kama haya?

Fundi Giza: Shangazi anaweza kuwa sahihi. Tarehe ya ukingoni ni ya kusafisha picha. Filamu ilikaa ndani ya kamera mpaka iishe, hata miezi. Na nakala ikisafishwa upya baadaye hubeba tarehe ya baadaye. Kwa hiyo ukingo unakwambia tu kwamba haikupigwa baada ya hapo. Andika: "Huenda mwishoni mwa 1961, kwa maelezo ya shangazi; ilisafishwa Machi 1962."

Kitinda Mimba: Kweli kabisa.

Mzee Kijana: Mnajisumbua. Mashine haisahau, wazee wanasahau. Fuata ukingo.

Mjukuu wa Pili: Mzee Kijana, ngoja nikwambie yaliyotukuta. Bibi zangu wawili walinuniana kwa ajili ya picha moja. Mmoja alisema mtoto aliyepakatwa ni mama yangu mkubwa, mwingine akasema haiwezekani, siku hizo hajazaliwa. Tukamwangalia mjomba aliyesimama pembeni: kapengo, meno ya mbele ya juu hayapo. Alizaliwa 1949, basi hapo ana miaka sita au saba, yaani 1955 au 1956. Mama mkubwa kazaliwa 1957! Nilipouliza kwa upole kama kulikuwa na mtoto mwingine, bibi mkubwa alilia. Alikuwepo wa kwanza, akafariki mdogo, na aliyemfuata akapewa jina lilelile. Kumbe bibi wote wawili walikuwa sahihi: jina ni hilohilo, mtoto ni mwingine. Hiyo ndiyo picha pekee ya yule mtoto.

Kitinda Mimba: Mungu amrehemu. Mliandikaje?

Mjukuu wa Pili: Jina lake, "wa kwanza kwa jina hili", na nani katueleza.

Dada Mkubwa: Msimuulize mzee "huyu si babu?" Ataitikia tu. Mpe picha, nyamaza, aanze mwenyewe. Kisha: "Hapa fulani alikuwa ameshazaliwa?" Mwulize kila mzee peke yake.

Mzee Kijana: Peke yake? Wakikaa pamoja ndipo wanakumbushana!

Dada Mkubwa: Wanakumbushana, au mwenye sauti kubwa anawafunika wengine.

Msomaji Mpya: Zangu zimegandana kwenye albamu, nizibandueje?

Fundi Giza: Usizibandue kwa nguvu, zipige picha hapohapo kwanza. Na wote: nyuma andikeni kwa penseli laini, pembeni. Kalamu ya wino huacha alama mpaka mbele.

Mzee Kijana: Penseli inafutika.

Mtunza Albamu: Narudi kwa shangazi peke yake, bila binamu. Nitamuuliza nani mwingine alikuwepo siku ya kuaga.