Tupeane uzoefu: Nani amepata mahali pazuri pa ruta nyumbani kwa kupima kwa simu?

Mwalimu wa Langoni, Lamu
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nyumba yangu ni ya kale, ina vyumba vitatu vilivyofuatana, na kuta zake za mawe ya matumbawe zina unene unaokaribia nusu mita. Fundi aliyeniunganishia intaneti aliiacha ruta chumba cha mbele, karibu na daka, kwa kuwa waya wake uliishia hapo. Mimi hulipia 10 Mbps. Nilipima kwa Speedtest nikapata 9.6 kando ya ruta, 9.4 chumba cha kati, na 2.1 ndani, nikaamini kwamba tatizo ni chumba cha ndani peke yake.

Baadaye nikafungua WiFi Analyzer, inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, ambapo nambari ni hasi na inayokaribia sifuri ndiyo bora. Kando ya ruta ilikuwa -38, chumba cha kati -61, ndani -79. Kumbe ukuta wa kwanza ulikuwa umekwisha kuyala mawimbi mengi, ila kasi ninayolipia ni ndogo, na mawimbi yaliyobaki yalitosha kuipitisha yote. Nilinunua waya mrefu nikaihamishia ruta kwenye kidaka cha chumba cha kati, mahali panapoonekana kutoka milango yote miwili. Sasa chumba cha mbele ni -57, ndani -63, na kote napata zaidi ya 9. Nanyi mlipimaje?

Mama wa Mkomani
Mwalimu, mimi nilizunguka nyumba nzima na programu hiyohiyo, na nambari ya jikoni ikawa ileile ya barazani. Nikaifuta, nikisema ni ya uongo.

Fundi wa Malindi
Haikuwa ya uongo, Bi. Tangu Android 9, programu iliyo wazi huruhusiwa kutafuta mitandao mara 4 tu katika dakika 2, kwa hiyo ukitembea haraka unasoma jikoni nambari iliyochukuliwa barazani. Mimi husimama kila mahali karibu dakika moja, nikaishika simu kwa namna ileile, kisha nikageuka, kwa sababu mwili wa mtu nao huzuia mawimbi. Tofauti ya 3 au 4 siipi uzito, kwani nambari hucheza hivyo hata simu ikiwa mezani. Katika Android 10 na kuendelea, kizuizi hicho huzimwa kwenye mipangilio ya wasanidi, penye maneno `Wi-Fi scan throttling`. Wenye iPhone msihangaike kutafuta programu ya namna hii, kwa maana Apple haiziruhusu programu za kawaida kusoma nguvu za mitandao iliyo jirani.

Kijana wa Shela
Mbona mnajisumbua? Ruta huwekwa juu kabisa. Yangu iko darini chini ya makuti, antena zimesimama wima, na barazani inavuma.

Fundi wa Malindi
Kuinua ruta ni vyema, kaka, kwa sababu huvuka makabati na friji. Lakini antena iliyosimama wima hutupa mawimbi zaidi kuelekea pembeni kuliko chini yake. Hebu pima chumba kilicho chini ya ruta moja kwa moja, kisha uilaze antena moja upime tena.

Kijana wa Shela
Nimepima. Ilikuwa -72, sasa ni -66. Lakini bado siishushi.

Mfanyabiashara wa Malindi
Yangu ni ruta ya laini ya simu. WiFi Analyzer inasema -40, nayo intaneti inakokota. Niiweke wapi?

Fundi wa Malindi
Bwana, hiyo -40 ni ya safari ya ruta hadi simu yako, haisemi lolote kuhusu safari ya mnara hadi ruta. Fungua ukurasa wa ruta, mara nyingi ni `192.168.8.1`, utafute RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Ukiiona -112, isogeze ruta dirishani na uangalie kama inapanda kuelekea -95, hata kama chumbani waifai itapungua kidogo. Halafu upime kasi asubuhi na jioni mahali palepale, maana saa za msongamano zinaweza kukudanganya kwamba mahali ndipo pabaya.

Mwalimu wa Langoni, Lamu
Ahsante, Fundi. Nina jambo moja zaidi: wakati wa masika ndani hushuka hadi -69 bila mimi kugusa kitu. Je, ni chokaa iliyolowa?

Fundi wa Malindi
Maji hunyonya mawimbi, na ukuta uliolowa huzuia kuliko mkavu. Lakini 6 kwa ukuta mmoja naiona nyingi. Je, masika huwa mnafunga milango?

Mwalimu wa Langoni, Lamu
Huwa tunafunga, na ni mbao za mvule. Nitapima ikiwa wazi na ikiwa imefungwa mvua ijayo.